Turn it off au turn off it? Jinsi ya kujua kiwakilishi kinakaa wapi

Binti wa jirani yetu hapa Kondele anajiandaa kwa karatasi ya pili ya Kiingereza ya KCSE, na juzi aliandika *turn off it*. Nilimpitisha hatua hizi.

Hatua ya 1. Pigia mstari kitenzi pamoja na neno dogo linalokifuata: *turn off*, *pick up*, *look after*.

Hatua ya 2. Weka nomino fupi, kisha uisogeze katikati. *Turn off the radio* na *turn the radio off* zote ni sahihi, basi kitenzi hiki kinatenganika. *Look after the baby* ni sahihi, ila *look the baby after* si Kiingereza, hicho hakitenganiki.

Hatua ya 3. Badilisha nomino iwe kiwakilishi. Kwa kitenzi kinachotenganika, kiwakilishi lazima kikae katikati: *turn it off*, *pick them up*. Ule uhuru wa nomino kukaa kokote umekwisha. Kwa kisichotenganika, kinakaa mwishoni: *look after her*. *Put up with* nacho hufanya hivyo hivyo: *put up with it*.

Hatua ya 4. Hapa ndipo tulipokesha, kwa sababu maneno yale yale mawili yanaweza kufuata kanuni zote mbili. Chukua *look over*. Karani akiikagua fomu, *she looked over the form* inakuwa *she looked it over*. Akichungulia juu ya ua, *she looked over the fence* inakuwa *she looked over it*. Ukiandika *she looked it over* kuhusu ua, umesema aliukagua ua wenyewe, pengine akitafuta mbao zilizooza. Sentensi ni sahihi, maana ndiyo imehama, kwa hivyo kosa halijitangazi.

Jiulize: je, neno dogo linaonyesha mahali kuhusiana na kile kitu? Kwenye ua, *over* inaonyesha macho yalipita wapi, kwa hivyo haibanduki kwenye nomino yake. Kwenye fomu, hakuna kilichopita juu ya kitu. *Over* inakamilisha tu maana ya kukagua.

Lakini swali hili halifanyi kazi kinyumenyume. Neno kutoonyesha mahali si ithibati kwamba kitenzi kinatenganika. *Look after* haina mahali popote, na bado haitenganiki. Tena taa ni *turn it on*, ilhali mbwa akimgeukia mtoto kumshambulia ni *it turned on him*.

Kwa hiyo sipendi zile orodha ndefu za kukariri zinazouzwa kando ya shule: zinakupa *turn on* mara moja, kana kwamba ni kitu kimoja. Afadhali kamusi ya wanafunzi, inayotenga kila maana. Ukiona *turn sth on*, ambapo *sth* ni kifupi cha *something*, kiwakilishi kinaingia palipo *sth*. Ukiona *turn on sb*, yaani *somebody*, kinakaa mwishoni.