Kabla ya Kumwandikia Msimamizi Barua ya Kuomba Kazi Ngumu

Karani wa forodha katika ofisi ya uwakala pale Kurasini anaweza kukaa miaka miwili akiandaa kadhia, yaani matamko ya mizigo yanayowasilishwa forodhani, za magari ya mitumba pekee, huku makontena ya bidhaa mchanganyiko na mizigo ya kwenda Zambia ikipelekwa kila mara kwenye meza ileile ya mwenzake. Gari la mtumba halimfundishi mengi, kwa kuwa thamani yake huangaliwa kwenye kikokotoo cha mtandaoni cha TRA na hatua zinazofuata hazibadiliki sana. Anayetaka kuomba mgawanyo huo urekebishwe ana maandalizi ya kufanya kabla hajaandika "YAH:", na yaliyo mazito kuliko yote ni kumbukumbu.

Apitie rejista ya ofisi ya miezi mitatu na kuandika, kwa kila faili, aina ya mzigo na nani aliyeamua msimbo wa ushuru, yaani namba ya kifungu ambacho bidhaa imewekwa. Wengi huhesabu faili tu, na msimamizi hujibu kwamba mlalamikaji ana faili nyingi kuliko wenzake, jambo ambalo huwa kweli. Tuseme karani wetu ana faili 40, na kati ya hizo 37 ni za magari. Katika tatu zilizobaki aliingiza misimbo iliyokwisha kuamuliwa na mtu mwingine. Hesabu hiyo inatosha kuonyesha kwamba kinachokosekana ni nafasi ya kuamua, na jina la mwenzake halina haja ya kutajwa popote.

Kisha ajiulize kwa nini msimamizi hugawa hivyo, maana mara nyingi sababu ni woga wa hasara kuliko upendeleo. Chukua baiskeli zilizofunguliwa vipandevipande na kupakiwa kwenye maboksi. Asiyezijua kanuni za uainishaji ataziweka kwenye kifungu cha 8714, cha vipuri, ilhali kanuni ya 2(a) inataka bidhaa kamili iliyofunguliwa iainishwe kana kwamba imeshaunganishwa, yaani kifungu cha 8712. Afisa wa forodha akiligundua kosa hilo, kadhia hurudishwa kurekebishwa, mteja huanza kuhesabiwa tozo za kuhifadhi kontena, na simu ya kwanza humfikia msimamizi. Barua isiyogusa hofu hiyo itawekwa kando hata kama hesabu zake ni sahihi.

Kwa hiyo ombi lenyewe liwe dogo, lenye kinga ndani yake. Baada ya anwani na kichwa cha habari, aya yenye ombi inaweza kusomeka hivi:

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba kwa kontena moja la bidhaa mchanganyiko kila mwezi niandae jedwali la uainishaji kwa kusoma ankara na orodha ya vifungashio, nikiandika kando ya kila bidhaa msimbo niliouchagua na kanuni niliyoitumia. Jedwali hilo lipitiwe na karani mwandamizi kabla ya kadhia kuwasilishwa, na baada ya miezi mitatu tuangalie pamoja ni misimbo mingapi ililazimika kubadilishwa."

Msimamizi akisoma maneno hayo anaona kwamba hakuna kinachotoka ofisini bila kukaguliwa. Hata hivyo atauliza magari yatashughulikiwa na nani, na hapa ndipo barua nyingi hukwama, kwani anayeongezewa kontena bila kupunguziwa magari huishia kubaki ofisini hadi usiku. Ni vyema apendekeze mwenyewe idadi ya faili zitakazohamishwa, baada ya kuzungumza kwa heshima na mwenzake atakayezipokea. Nyongeza ya mshahara isichanganywe na ombi hili; ina barua yake.

Kuna hali moja inayobadilisha njia. Ikiwa rejista inaonyesha kwamba wanaonyimwa kazi hizo ni wanawake, au waliotoka kwenye likizo ya uzazi, au watu wa kabila fulani, hapo suala si la kukuza ujuzi tena. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa namna hiyo, na mfanyakazi apate kwanza ushauri wa chama cha wafanyakazi au wa mwanasheria, kwa kuwa barua ya upole aliyoiandika mapema inaweza kusomwa baadaye kama kwamba hakuwa na malalamiko.

Kuhusu siku ya kuiwasilisha, aepuke wiki ambayo meli imeshusha makontena ya wateja wa ofisi. Aikabidhi mkononi asubuhi, abaki na nakala iliyosainiwa kupokelewa, na aombe tarehe ya kikao kifupi. Nakala kwa idara ya rasilimali watu isipelekwe mara ya kwanza, maana msimamizi akiiona atajibu kwa lugha ya kujilinda. Ipelekwe pamoja na barua ya kukumbushia, endapo tarehe hiyo itapita bila jibu.