Kabla ya kumchagua fundi wa paa, panga picha mbili za makadirio

Mafundi wawili walinitumia picha za makadirio ya kuezeka: wa kwanza 4,850,000, wa pili 5,400,000. Nusura nimpe wa kwanza kazi. Nikachukua daftari, nikaandika kila kitu cha yule wa pili, kisha nikakitafuta kwenye karatasi ya mwenzake.

Kofia za bati hazikuwepo. Dawa ya mbao haikuwepo, fishabodi nazo hazikuwepo, na chini kabisa, kwa mwandiko mdogo ambao picha ilikuwa imeukata nusu: "usafiri juu ya mteja". Nikampigia, akanitajia bei: kofia 120,000, dawa 80,000, fishabodi 350,000, usafiri 150,000. Jumla ikawa 5,550,000, na "rahisi" akawa ghali.

Halafu kulikuwa na "bati 60", basi. Geji gani? Geji 30 ni nyembamba kuliko 28, na ndiyo aliyokuwa ameipigia hesabu. Mwenzake aliandika 28. Palipoandikwa "mbao, jumla", nilimwomba idadi, saizi na urefu, atume kwa maandishi na picha ionyeshe karatasi nzima.