Somo: Kuweka dau kwenye mnada wa mtandaoni, kuanzia kikomo hadi siku ya kulipa

Somo hili ni la anayenunua vitu vilivyotumika kwa mnada wa mtandaoni. Nitatumia mfano wa lenzi ya kamera kwenye eBay ya Marekani, kisha nitaeleza mnada wa Yahoo! wa Japani, ambao unafungwa kwa kanuni nyingine kabisa. Tofauti hiyo ya kufunga ndiyo inayowapotezea wengi pesa, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Hatua ya 1: Anza na kikomo, na ukipigie hesabu kwa kurudi nyuma

Tuseme lenzi ya aina hiyo ikifika mkononi mwako Dar es Salaam uko tayari iwe imekugharimu dola 200, si zaidi. Toa usafirishaji, tuseme 28. Toa ushuru, VAT (Tanzania 18%, Kenya 16%) na gharama za kuitoa forodhani, tuseme jumla 45. Zinabaki 127. Hicho ndicho kikomo chako, kiandike kabla hujaufungua mnada. Ukikipanga huku saa inahesabu dakika, utakuwa unapanga kwa hasira ya kupitwa.

Hatua ya 2: Soma tangazo lote

Angalia mambo matatu: muda wa kufungwa, usafirishaji, na kama kuna bei ya chini iliyofichwa. Ukiona maneno `Reserve not met`, hata ukiwa unaongoza, muuzaji halazimiki kukuuzia mpaka bei hiyo ifikiwe.

Hatua ya 3: Elewa mfumo unavyokupandia

Ukiandika 127 haimaanishi utalipa 127. Mfumo unakificha kikomo chako na kukupandia dau kidogo kidogo, kwa kadiri inavyohitajika tu kumshinda anayekufuata. Kila kupanda kuna kima chake. Kwenye eBay ya Marekani, bei ikiwa kati ya dola 25 na 99.99 kima ni dola 1, na kati ya 100 na 249.99 ni dola 2.50.

Sasa tuifuate lenzi yetu. Bei inayoonekana ni dola 92, na anayeongoza ameficha kikomo cha 118 ambacho wewe hukioni. Unajaribu kwa 110. Papo hapo mfumo unampandia yeye hadi 112.50, yaani 110 yako na kima kimoja juu yake, na wewe unaambiwa umepitwa. Unaweka 127. Safari hii yeye ndiye anayeishia njiani: bei inasimama 120.50, yaani 118 yake na kima kimoja, na wewe unaongoza. Zile 6.50 zilizobaki hazijaguswa. Zitaguswa mwingine akija.

Kuna jambo dogo hapa ambalo wengi hawalijui. Ungeweka 119 badala ya 127, ungeongoza pia, kwa bei ya 119, ingawa hujamzidi kwa kima kizima. Na ungeweka 118 sawasawa na yake, yeye angebaki mbele kwa sababu alitangulia. Watu wengi huandika namba za mviringo: 100, 120, 150. Ndiyo maana mimi huweka senti za ziada, mfano 127.37. Mwenye 127 kamili anashindwa kwa senti 37, hata kama alitangulia.

Hatua ya 4: Dakika za mwisho

eBay hufunga kwa saa iliyotangazwa. Sekunde ikifika, mnada umekwisha, hata kama dau limeingia sekunde tatu kabla. Kwa hiyo wazoefu hungoja hadi mwisho, ili wengine wasipate muda wa kujibu. Mnada wa Yahoo! wa Japani haufanyi hivyo pale muuzaji alipochagua kuongeza muda: dau likiipandisha bei ndani ya dakika 5 za mwisho, mnada unasogezwa dakika 5 mbele. Likiingia jingine, unasogezwa tena. Mnada uliotangazwa kufungwa saa 4 usiku kwa saa za Japani, yaani saa 10 jioni kwa saa zetu, unaweza kuendelea nusu saa nzima.

Mwaka 2002 wanauchumi Alvin Roth na Axel Ockenfels walichapisha utafiti uliolinganisha eBay na minada ambayo Amazon ilikuwa ikiendesha wakati ule. Ya Amazon haikufungwa mpaka dakika 10 zipite bila dau jipya. Walikuta kwamba wanaongoja dakika za mwisho walikuwa wengi zaidi eBay. Pale ambapo muda unaongezwa, kungoja hakumnyimi mtu nafasi ya kujibu.

Kwa hiyo fanya hivi. eBay, weka kikomo chako kizima mara moja, mwishoni, ukibakiza sekunde kadhaa za kutosha kwa mtandao wako. Mtandao ukiwa wa kusuasua, weka mapema tu, kwani dau lisilofika halina faida. Japani, weka kikomo kizima na uondoke kwenye skrini. Kule muda ukiongezwa, hatari ni wewe mwenyewe kuongeza "kidogo tu": bei ikivuka yen 50,000, kima kinatoka yen 500 hadi yen 1,000, na mara tano za kidogo tu ni yen 5,000.

Hatua ya 5: Malipo

Ukishinda eBay una siku 4 za kulipa. Zikipita, muuzaji anaweza kufuta mauzo na akaunti yako ikaandikwa kutolipa. Wauzaji wanaweza kuzuia wanunuzi wenye rekodi hiyo. Hakikisha pesa iko kwenye kadi kabla ya kuweka dau.

Maswali ya wanachama

Swali (Mombasa): Muuzaji hawezi kumtuma ndugu yake anipandishie bei hadi kikomo changu?

Ndiyo, hutokea, ingawa eBay inakataza. Fungua orodha ya madau na umtazame mpinzani wako. Ukiona akaunti changa yenye maoni machache, na madau yake karibu yote ni kwa muuzaji yuleyule mmoja, ondoka. Kikomo ulichokiandika ndicho kinga yako nyingine, maana hata wakikufikisha hapo, ni bei uliyoikubali.

Swali (Arusha): Niliandika 1270 badala ya 127. Nifanyeje?

eBay inaruhusu kuondoa dau lililokosewa kuandikwa, mradi uweke sahihi mara moja. Zikibaki chini ya saa 12, unaweza kuondoa tu lile uliloliweka ndani ya saa moja iliyopita. Baada ya hapo zungumza na muuzaji. Hili ni sababu ya kusoma namba mara mbili kabla ya kubonyeza.

Swali (Nairobi): Nilishindwa, kisha nikaletewa barua pepe kwamba mshindi hakulipa na mimi naweza kuchukua. Ni kweli?

Utaratibu huo upo, unaitwa `Second Chance Offer`, na bei yake ni dau lako la juu kabisa. Lakini matapeli hutuma barua zinazofanana nao. Usibonyeze kiungo cha barua. Ingia kwenye akaunti yako mwenyewe, utazame ujumbe wa ndani. Ikiwa haupo hapo, au unatakiwa kutuma pesa nje ya eBay, ni utapeli. Na hata ukiwa wa kweli, hulazimiki kuukubali.

Swali (Zanzibar): Kule Japani nalipaje, na mimi sina anwani ya huko?

Kwa wakala. Yeye ndiye anayeweka dau kwa jina lake, kwa hiyo mawakala wengi hutaka amana kwanza, na wewe unawajibika kwake. Kabla ya kumpa kikomo, muulize mambo mawili: ada yake inahesabiwa juu ya bei gani, na ukishinda una siku ngapi za kumlipa salio. Uhamisho wa benki kutoka Zanzibar unaweza kuchukua siku kadhaa, na siku hizo zinahesabiwa kwako.