Somo: Kuzungusha picha kwa kuanzia upande wa matokeo

Tuchukue picha ya skana ya ramani ya viwanja vya Jinja, yenye upana wa pikseli 400 na kimo cha pikseli 300, ambayo tunataka kuizungusha nyuzi 30 kufuata mwendo wa saa. Wanaoanza huchukua kila pikseli ya picha ya asili, hukokotoa mahali inapokwenda, kisha hukadiria hadi namba kamili iliyo karibu. Matokeo yake ni picha yenye vitobo vyeusi vilivyopangika kwa mpangilio unaojirudia, kwa sababu pikseli mbili za asili zinapoangukia mahali pamoja, mahali pengine panabaki bila kitu. Dawa ni kugeuza swali: kwa kila pikseli ya picha mpya, tuulize ilitoka wapi katika ile ya asili.

Hatua ya 1: Ukubwa wa picha mpya. Tusipopanua turubai, pembe za ramani zitakatwa. Upana mpya ni 400·cos 30° + 300·sin 30°, yaani 496.4, na kimo ni 400·sin 30° + 300·cos 30°, yaani 459.8. Tunapandisha hadi 497 na 460.

Hatua ya 2: Vitovu. Kwa kuwa pikseli zinahesabiwa kuanzia 0, kitovu cha picha ya asili ni (199.5, 149.5) na cha picha mpya ni (248, 229.5). Ukitumia 200 na 150 bila kufikiri, picha itasogea nusu pikseli. Jicho halitaona, lakini anayepima mipaka ya viwanja ataona.

Hatua ya 3: Kurudi nyuma. Msimbo wenyewe ni mfupi:

```python
for yp in range(460):
    for xp in range(497):
        dx, dy = xp - 248, yp - 229.5
        x =  c*dx + s*dy + 199.5
        y = -s*dx + c*dy + 149.5
        if 0 <= x <= 399 and 0 <= y <= 299:
            mpya[yp, xp] = bilinia(picha, x, y)
```

Hapa `c` ni kosaini na `s` ni saini ya nyuzi 30. Kumbukeni kwamba kwenye skrini mhimili wa y unashuka, ndiyo maana fomula ambayo darasani huzungusha kinyume cha saa, hapa huzungusha kufuata saa.

Hatua ya 4: Kupata thamani. Tufuate pikseli moja, (300, 200). Hapo dx ni 52 na dy ni -29.5, kwa hiyo tunarudi kwenye (229.78, 97.95), mahali ambapo hakuna pikseli bali pamezungukwa na pikseli nne. Tuseme mbili za juu zina mwanga wa 100 na 140, na mbili za chini 60 na 180. Njia ya jirani wa karibu inachukua tu pikseli (230, 98), yaani 180. Njia ya bilinia inakokotoa kwanza safu ya juu, 100 + 0.78 × 40 = 131.2, kisha ya chini, 60 + 0.78 × 120 = 153.6, halafu inaziunganisha: 131.2 + 0.95 × 22.4, karibu 152.

Bikubiki hutumia pikseli 16, nayo huacha mistari ya ramani ikiwa mikali zaidi. Baadhi ya uzito wake ni hasi, hivyo jibu linaweza kuvuka 255 au kushuka chini ya 0. Usipolibana kabla ya kulihifadhi katika `uint8`, aina inayobeba 0 hadi 255 tu, 260 inaweza kugeuka 4, na utaona vidoa vyeusi kando ya maandishi kwenye karatasi nyeupe.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, ramani yangu ya matumizi ya ardhi ina namba 1 kwa shamba, 2 kwa mji na 3 kwa ziwa. Baada ya kuizungusha kwa bilinia, ufuko wote wa Ziwa Viktoria umezungukwa na mji. Kwa nini?*

Kwa sababu wastani wa shamba na ziwa ni 2. Namba hizo ni majina tu, si vipimo, kwa hiyo tumia jirani wa karibu peke yake.

*Je, hesabu hii inafaa pia kwa kubadilisha ukubwa bila kuzungusha?*

Inafaa, ndugu, ila kurudi nyuma kunakuwa x = (xp + 0.5) · W / Wp - 0.5, ambapo W ni upana wa asili na Wp ni upana mpya. Ukikuza pikseli 2 kuwa 4, ya kwanza inarudi kwenye -0.25, nje kidogo ya ukingo, nawe utaibana hadi 0.

*Nimepunguza picha hadi moja ya nane kwa bikubiki, lakini mistari myembamba imekatikakatika.*

Pikseli 16 ni eneo la 4 kwa 4, ilhali kila pikseli mpya inawakilisha eneo la 8 kwa 8, yaani pikseli 64, kwa hiyo nyingi hazikuguswa kabisa. Chukua wastani wa eneo zima. Katika OpenCV chaguo hilo ni `INTER_AREA`.