Kununua nyumba ambayo haijajengwa: jinsi ya kupanga malipo yafuate ujenzi, si kalenda

Binamu yangu anafanya kazi Dubai. Mwezi wa tatu alinitumia kwa WhatsApp picha nne za ofa ya nyumba ya vyumba viwili upande wa Embakasi, Nairobi, ghorofa ya nne, bei shilingi 6,400,000. Jengo lenyewe lilikuwa bado ni michoro na uzio wa mabati. Alitakiwa kulipa kwa awamu kadiri jengo linavyopanda, na kijana wa mauzo alikuwa amempa siku tano za kutia saini. Mimi ni mkadiriaji majenzi, kazi yangu ya kila siku ni kupima kazi iliyofanyika saiti na kusema ni kiasi gani kilipwe. Tulikaa na ofa hiyo kwa simu jioni tatu, na hivi ndivyo tulivyokwenda.

Hatua ya 1: Upekuzi

Fanya upekuzi wa ardhi kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa kumbukumbu za ardhi mtandaoni, chukua CR12 ya kampuni inayouza, yaani karatasi ya msajili inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa wake, omba nakala ya idhini ya ujenzi ya kaunti na ya usajili wa mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Wakili wako anajua haya, na awe wakili wako kweli, si yule uliyependekezewa na ofisi ya mauzo.

Jambo moja tu nilisisitize. Upekuzi ukionyesha kwamba ardhi imewekwa rehani benki, usikimbie, kwa maana miradi mingi hujengwa kwa mkopo. Lakini omba barua ya benki inayokubali nyumba hiyo iuzwe na kuahidi kuiachilia kutoka kwenye rehani ukishamaliza kulipa. Bila barua hiyo unaweza kulipa shilingi ya mwisho na nyumba ibaki dhamana ya deni la mtu mwingine.

Hatua ya 2: Jua pesa zako zinakwenda wapi

Binamu alishangaa hapa. "Kaka, huku pesa za mnunuzi zinakaa kwenye akaunti ya mradi, mwenye kujenga hazigusi ovyo." Ni kweli kwa Dubai: Sheria namba 8 ya mwaka 2007 inamlazimu anayeuza nyumba zisizojengwa aweke malipo ya wanunuzi kwenye akaunti ya amana ya mradi huo. Kenya hatuna sheria inayomlazimu mstawishaji, yaani mwenye kujenga na kuuza, kufanya hivyo. Ulinzi unaoupata ni ule ulioandikwa kwenye mkataba wako.

Kwa hiyo omba amana ya kwanza ikae kwa wakili wa muuzaji kama mshika amana mpaka mkataba utiwe saini na pande zote. Awamu zinazofuata wengi watakataa kuziweka kwa wakili, kwa sababu ndizo wanazojengea. Ndiyo maana hatua inayofuata ni ndefu.

Hatua ya 3: Ratiba ya malipo

Ratiba aliyopewa binamu ilikuwa hivi: asilimia 10 kushika nafasi, 20 kutia saini mkataba, 20 msingi ukikamilika, 20 slabu zikikamilika, 20 umaliziaji, na 10 wakati wa kukabidhiwa funguo. Kwa macho inaonekana inafuata ujenzi. Haikufuata, na tulihitaji jioni mbili kuirekebisha.

Anza kwa kutafuta maneno "lolote litakalotangulia". Ofa zetu huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mwombe wakili akuonyeshe sentensi yenye maana hiyo. Kwenye ofa ya binamu, awamu ya slabu ilidaiwa "slabu zikikamilika au ifikapo 30 Septemba, lolote litakalotangulia". Sentensi hiyo inafuta ratiba yote. Ujenzi ukichelewa, tarehe haichelewi, nawe unadaiwa kwa kazi ambayo haipo. Nyumba yangu mwenyewe niliinunua mwaka 2016 kwa sentensi ya namna hiyo. Nililipa awamu ya slabu wakati saiti kulikuwa na shimo lenye maji ya mvua, nikaandika barua tatu, na kila mara nilijibiwa kwa kuelekezwa kwenye kifungu nilichotia saini. Kazi ilisimama miezi 11. Pesa zilikuwa zimeshatoka, sikuwa na kitu cha kuzuia. Ama maneno hayo yasomeke "lolote litakalochelewa", ama tarehe iondolewe kabisa. Asipokubali hata moja, acha nyumba hiyo.

Baada ya hapo, angalia kila awamu imeelezwa kwa kitu gani. "Slabu zikikamilika" ni slabu ipi, ya jengo lipi? Mradi wa binamu ulikuwa na majengo mawili, A na B, naye alikuwa B. Kama ilivyoandikwa, Jengo A likifika juu, wanunuzi wa B wangedaiwa pia. Andika kitu ambacho mtu yeyote akisimama saiti anaweza kukiona: "zege la slabu ya ghorofa ya nne ya Jengo B limemwagwa, na mbao na nguzo za muda zilizoishikilia zimeondolewa". Hizo mbao zina maana. Zege lililomwagwa jana bado halijibebi, na vipande vya majaribio vya zege hilo huvunjwa maabara siku ya 7 na siku ya 28 kujua nguvu yake. Mbao zikiondolewa na slabu ikabaki imesimama, na matokeo ya siku ya 28 yakiwa mazuri, kweli kuna kitu cha kulipia.

Kisha piga hesabu ya uzito. Hapa ndipo mnunuzi hudanganywa na macho yake. Jengo likishafika slabu ya paa linaonekana karibu limekwisha, na majirani wanakupongeza. Lakini msingi, nguzo, mihimili na slabu zote kwa pamoja, kwenye majengo ya ghorofa saba niliyoyapima, kwa kawaida hazifiki nusu ya gharama ya ujenzi. Kuta, plasta, mabomba, nyaya, madirisha, vigae, lifti, matangi na rangi ndivyo vinavyomeza zaidi, na ndiko miradi hukwama. Kwa ratiba ya awali, slabu ya paa ikimalizika binamu angekuwa ameshalipa asilimia 70, yaani 4,480,000. Ni kweli bei ina ardhi na vibali ndani yake, kwa hiyo ni haki mstawishaji atangulie kidogo, lakini si kiasi hicho.

Tulimrudishia ratiba hii:

- Kutia saini mkataba: asilimia 10, shilingi 640,000
- Slabu ya chini ya Jengo B: asilimia 10, shilingi 640,000
- Slabu ya ghorofa ya nne: asilimia 15, shilingi 960,000
- Slabu ya paa: asilimia 15, shilingi 960,000
- Kuta, plasta ya ndani, mabomba na nyaya za nyumba yenyewe: asilimia 15, shilingi 960,000
- Vigae, milango, madirisha, na lifti ikifanya kazi: asilimia 15, shilingi 960,000
- Funguo pamoja na cheti cha ukaaji cha kaunti: asilimia 10, shilingi 640,000
- Hati kusajiliwa kwa jina la mnunuzi: asilimia 10, shilingi 640,000

Sasa slabu ya paa ikifika anakuwa amelipa nusu, 3,200,000. Zile 1,280,000 ambazo kwa ratiba ya awali angekuwa ameshazitoa ndizo zinazomfanya mstawishaji ajibu simu. Angalia pia kwamba awamu za juu zimefungwa kwenye slabu za jengo, na za kati kwenye nyumba yake mwenyewe. Nataka hivyo. Muundo ni wa wote, lakini plasta inaweza kuwa imepigwa kwenye nyumba ya maonyesho tu.

Mwanya mmoja ulibaki. Muundo hupanda haraka, pengine slabu moja kila wiki mbili au tatu kazi ikienda vizuri. Kutoka slabu ya ghorofa ya nne hadi ya paa ingeweza kuwa chini ya miezi miwili, na 960,000 mbili kwa miezi miwili zingemvunja binamu mgongo. Tukaongeza sentensi: hata kazi ikikimbia, hakuna awamu mbili zitakazodaiwa ndani ya siku 60.

Mwisho, nani anasema awamu imefika? Ofa ilisema "muuzaji atakapomjulisha mnunuzi". Ujumbe kutoka ofisi ya mauzo si cheti. Dai cheti kilichotiwa saini na msanifu majengo au mkadiriaji wa mradi, kikitaja jengo, ghorofa na tarehe ya ukaguzi. Huyo naye analipwa na mstawishaji, kwa hiyo dai haki ya kumpeleka mtu wako saiti, na siku 14 za kulipa zianze baada ya kupokea cheti na kuruhusiwa kuingia. Kama hujui mtu, mlipe mkadiriaji yeyote aliyesajiliwa kwa ziara ya saa moja. Mimi siamini picha za droni. Zinaonyesha paa na hazionyeshi mabomba.

Hatua ya 4: Kuchelewa kwa pande zote mbili

Ofa ilikutoza riba ukichelewa, na ilinyamaza kuhusu muuzaji akichelewa. Weka riba ileile kwa wote wawili, na tarehe ya mwisho kabisa ambayo ikipita unaweza kujitoa na kurudishiwa kila shilingi pamoja na riba. Miezi sita baada ya tarehe iliyoahidiwa inatosha.

Hatua ya 5: Jibu, kisha saini

Ada ya kushika nafasi ulipe ikiwa tu ofa inasema itarudishwa mkishindwana kwenye mkataba. Majadiliano yote yaandikwe kwa barua pepe.

Mstawishaji alikubali ratiba yetu isipokuwa asilimia 10 ya hati. Tulikubaliana 5, yaani 320,000, na asilimia 15 wakati wa funguo. Kwa kubadilishana, wakili wake alitoa ahadi ya kitaaluma kwa maandishi kwamba atawasilisha hati ya sehemu, yaani hati ya umiliki wa nyumba moja ndani ya jengo, chini ya Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020. Ahadi ya wakili ina meno, kwa sababu akiivunja anashtakiwa yeye mwenyewe. Ahadi ya meneja wa mauzo haina.

Tenga pia ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini. Kwa bei hii ni 256,000, na hazimo kwenye ratiba.

Hatua ya 6: Malipo ya mwisho

Ukiambiwa hati imetoka, usilipe kwa kuonyeshwa nakala. Fanya upekuzi wako mwenyewe upya, uone jina lako kwenye rejista na uone kwamba rehani ya benki imeondolewa kwenye nyumba yako. Baada ya hapo toa zile 320,000 siku hiyohiyo.