Somo: "Good" au "well"? Pale "vizuri" yetu inapotuponza

Mwanafunzi wangu mmoja aliandika katika insha yake: "The fish smells well." Alikusudia kusema kwamba samaki ananukia vizuri, na kwa Kiswahili sentensi hiyo haina kasoro. Kwa Kiingereza, hata hivyo, amesema kwamba samaki yule ni hodari wa kunusa. Chanzo cha kosa hili si uzembe, bali ni neno letu "vizuri", ambalo hukaa baada ya kitenzi bila kujali kama linaeleza namna tendo linavyofanyika, kama katika "anaimba vizuri", au hali ya kitu chenyewe, kama katika "ananukia vizuri". Kiingereza huzitenga kazi hizo mbili.

Hatua ya kwanza: tafuta kinachoelezwa. "Good" ni kivumishi, hivyo huieleza nomino: "She is a good singer." "Well" kwa kawaida ni kielezi, hivyo hukieleza kitenzi: "She sings well." Katika sentensi ya pili kinachosifiwa ni uimbaji, si mwimbaji. Vielezi vingi vya Kiingereza huishia na "-ly", kama "slowly", lakini usiutegemee mwisho huo peke yake, kwa kuwa "friendly" na "lovely" ni vivumishi.

Hatua ya pili: kichunguze kitenzi. Vipo vitenzi vichache, kama "be", "seem", "become", "look", "feel", "smell", "taste" na "sound", ambavyo hufanya kazi inayokaribiana na ile ya kitenzi kishirikishi "ni": huunganisha kiima na sifa yake. Samaki wa mwanafunzi wangu hanusi chochote, yumo kikaangoni. Harufu nzuri ni sifa yake yeye, kwa hiyo tunasema "The fish smells good."

Hatua ya tatu: jaribu kuweka "is" au "was" mahali pa kitenzi. Hapa ndipo penye uzito wa somo, kwa sababu baadhi ya vitenzi hivyo vina sura mbili. Linganisha sentensi hizi:

"The conductor looked angry."
"The conductor looked angrily at the passenger."

Katika ya kwanza, uso wa kondakta ulionesha hasira. Ukiweka "was" unapata "The conductor was angry", na sentensi inasimama. Basi kivumishi ndicho kinachotakiwa. Katika ya pili, kondakta alifanya tendo: alimtupia abiria jicho la hasira. Ukiweka "was" sentensi inavunjika, nawe unajua kwamba hapo kitenzi ni cha kutenda na kinataka kielezi. Vivyo hivyo, "The soup tastes good" inakubali "is", ilhali "The cook tasted the soup carefully" ingemgeuza mpishi kuwa supu.

Hatua ya nne: kumbuka afya. "Well" huwa kivumishi inapomaanisha kutokuwa mgonjwa, kama katika "She does not look well." Ndiyo maana "You look good" humwambia mtu kwamba amependeza, lakini "You look well" humwambia kwamba anaonekana mzima, na humfaa zaidi aliyetoka kuugua.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo, mwalimu. Nikitaka kusema "najisikia vibaya", je, niandike "I feel badly"?*

Marahaba. Andika "I feel bad." Jaribio la "is" linakuonesha njia: husemi "I am badly". Wapo Waingereza na Wamarekani wasemao "I feel badly" wanapojutia jambo, lakini katika maandishi rasmi "bad" ndiyo salama.

*Mwalimu, umesema "is" hufuatwa na kivumishi. Mbona tunaandika "The letter is well written"?*

Swali zuri sana. Hapo "well" haiielezi barua, inaeleza "written", yaani namna ilivyoandikwa. Ondoa "written" uone: "The letter is well" ingekuwa na maana ya barua iliyopona maradhi. Ukitaka kuisifu barua yenyewe, sema "The letter is good."

*Nilimwandikia mwalimu wa mwanangu "I hope he is doing good", mwenzangu akacheka. Kosa ni lipi?*

Katika mazungumzo ya Wamarekani utaisikia sana, kama vile "I'm good" wanapojibu salamu. Katika barua rasmi, hata hivyo, "doing good" husomeka kuwa kutenda wema, kama kuwasaidia maskini. Wewe uliuliza maendeleo ya masomo yake, na hayo ni "doing well".