Kuhakiki rasimu ya sheria ndogo: fuata adhabu hadi kwenye kosa lake

Rasimu nitakayoitumia hapa ni ya udhibiti wa mifugo, ya halmashauri moja ya wilaya mkoani Lindi. Wakulima wa ufuta na korosho walikuwa wakilalamikia ng'ombe kuingia mashambani, na rasimu ililetwa kwangu baada ya wananchi kutoa maoni. Ilikuwa na vifungu 18 na majedwali mawili.

Hatua ya 1: Chapa kwenye karatasi, uandike daftari la rejea. Usirekebishe kitu bado. Kila rasimu inapotaja namba ya kifungu kingine, andika mstari mmoja: rejea iko wapi, inataja namba gani, na mwandishi alikusudia jambo gani. Hilo la tatu ndilo lenye kazi. Andika "katazo la kulisha shambani", usiandike "cha 7" tu, kwa sababu namba itahama lakini jambo litabaki.

Kwenye rasimu yangu, kifungu cha 14 kilisema: "Mtu atakayekiuka kifungu cha 7 atakuwa ametenda kosa." Nilipofungua cha 7 nikakuta wajibu wa Halmashauri kujenga majosho. Katazo la kulisha lilikuwa cha 8. Kumbe baada ya maoni ya wananchi kulichomekwa kifungu kipya cha 5 kuhusu njia za mifugo, vyote vilivyofuata vikasogea, ila namba iliyoandikwa ndani ya kifungu cha adhabu haikuguswa. Kama ingetangazwa hivyo kwenye Gazeti la Serikali, mwenye ng'ombe aliyemaliza shamba la jirani asingekuwa na adhabu ya kumfikia.

Hatua ya 2: Pima tafsiri kwa matumizi. Chukua kila neno lililopewa maana kwenye kifungu cha tafsiri, ulitafute kwa Ctrl+F. Lisiloonekana tena popote, lipendekeze lifutwe. Kisha fanya kinyume chake: soma makatazo, uone yanatumia neno gani. Tafsiri ilisema "mifugo" maana yake ni ng'ombe, mbuzi na kondoo, lakini katazo lilisema "mnyama yeyote". Je, punda yumo? Mbwa je? Wakili wa mshtakiwa atauliza hivyo hivyo, na shaka kwenye sheria ya adhabu humnufaisha mshtakiwa. Neno moja litumike kote.

Angalia pia amri iliyojificha ndani ya tafsiri. Hapa "kibali" kilitafsiriwa kuwa ni kibali "kitakachotolewa baada ya kulipa shilingi 10,000". Hiyo ni ada. Mahali pake ni kwenye kifungu cha vibali, na kiwango kiende kwenye jedwali. Neno "mtu" usihangaike nalo: Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, tayari inajumuisha kampuni na vikundi.

Hatua ya 3: Soma adhabu kwa sauti, neno kwa neno. Rasimu ilikuwa na maneno haya:

"...atatozwa faini isiyopungua shilingi 200,000 (laki tatu) na kifungo cha miezi sita au vyote."

Tarakimu na maneno havilingani. "Isiyopungua" inaweka sakafu bila dari. "Na" inalazimisha faini pamoja na kifungo, kisha "au vyote" inakuwa haina maana. "Cha miezi sita" inasomeka kana kwamba hakimu amefungwa kwenye kipimo kimoja. Umbo linalosomeka ni hili: "faini isiyozidi shilingi ... au kifungo kisichozidi miezi ... au vyote kwa pamoja". Kiasi chenyewe kilinganishe na ukomo uliowekwa na sheria mama. Kwa halmashauri ya wilaya ni Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Wilaya, Sura ya 287, na uisome pamoja na marekebisho yake, maana nakala ya zamani iliyoko kabatini hupotosha. Kama kuna kifungu cha kufifilisha kosa, yaani mkosaji kukiri na kulipa bila kufikishwa mahakamani, hakikisha kiasi chake hakipiti faini ya juu.

Hatua ya 4: Namba, mwisho wa yote. Mpangilio uwe mmoja: 1, kisha (1), kisha (a), kisha (i). Jina nalo liwe moja. Rasimu nyingi huchanganya "kifungu", "kanuni" na "ibara" kwa kitu kilekile. Mimi huandika "sheria ndogo ya 8" kwa vya ndani, nikaacha "kifungu" kwa sheria mama, ili msomaji asiulize kifungu cha wapi. Namba zikishatulia, rudi kwenye daftari, ujaze namba mpya mbele ya kila jambo. Jedwali la Pili likitajwa, fungua ukalione kwa macho.

Jambo moja sijiruhusu: kubadilisha kiasi au maana kimyakimya. Hiyo laki mbili au laki tatu niliizungushia kalamu nyekundu, nikamrudishia mwanasheria wa halmashauri, naye akafungua muhtasari wa Baraza la Madiwani. Walikuwa wamepitisha laki mbili.